Mgongano wa Troli na Momenta Inayopungua Njiani

Mgongano wa troli ni jaribio la maabara ambamo kigari kimoja huachwa kikigonge kingine juu ya ubao, kasi zikapimwa kabla na baada, ili kuona kama momenta imebaki ile ile. Momenta ya kitu ni tungamo lake mara kasi yake, pamoja na mwelekeo: kinachokwenda kulia huhesabiwa chanya, kinachokwenda kushoto huhesabiwa hasi. Wanafunzi wa sekondari wa Kenya na Tanzania hulikuta jaribio hili katika mada ya sheria za Newton, na wengi wao hukumbana na jambo moja. Kitabu kinasema jumla ya momenta haibadiliki. Daftari linaonyesha kwamba baada ya mgongano imepungua kidogo.

Upungufu huo si wa kufichwa wala wa kusawazishwa kwa kalamu. Una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kimeandikwa kwenye tepu ile ile aliyoishika mwanafunzi.

Vifaa vyenyewe si vingi. Kuna ubao laini wenye urefu wa mita 2 hivi, troli mbili za magurudumu madogo, mizani, rula, na tika-taima. Hiki cha mwisho ni kifaa kinachotumia umeme wa mkondo geu wa volti chache: kipande chembamba cha chuma hutetemeka na kugonga karatasi ya kaboni, na tepu inayopita chini yake hupata nukta 50 kila sekunde. Kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02, kwa hiyo nafasi kumi huchukua sekunde 0.2. Tepu hufungwa nyuma ya troli ya kwanza, tuiite A. Mbele ya A huchomekwa pini, na nyuma ya troli ya pili, B, hubandikwa kizibo laini au donge la plastisini, ili zikigongana zishikane na kuendelea pamoja. B husimama tuli katikati ya ubao. A husukumwa kidogo kwa mkono, kisha huachwa iende yenyewe.

Kabla ya yote hayo ubao huinuliwa upande mmoja kwa vipande vya mbao, kidogo kidogo, hadi troli ikisukumwa iende kwa kasi isiyobadilika. Mteremko unatakiwa uvute kwa kiasi kile kile ambacho msuguano unarudisha nyuma. Hatua hii ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Mtu hutazama tepu, akaona nukta zimepangana kwa nafasi zinazofanana machoni, akaridhika. Lakini jicho halioni tofauti ya milimita 2 katika kipande cha sentimita 13, na tofauti hiyo inatosha kuleta upungufu wote utakaoandikwa baadaye.

Tufuate hesabu ya mfano mmoja hadi mwisho. Troli A pamoja na pini yake ina kilo 0.820. Troli B pamoja na kizibo ina kilo 0.790. Tepu inakatwa katika vipande vya nafasi kumi kumi. Nukta tano za mwisho kabla ya mgongano na tano za kwanza baada yake zinaachwa, kwa kuwa hapo mwendo unabadilika ghafla na nukta hubanana ovyo. Kipande cha mwisho kilicho safi kabla ya mgongano kina sentimita 12.6, na cha kwanza kilicho safi baada yake kina sentimita 6.1. Kwa kugawanya kwa sekunde 0.2, kasi ya A kabla ni mita 0.63 kwa sekunde, na kasi ya troli mbili zilizoshikana ni mita 0.305 kwa sekunde.

Momenta kabla: 0.820 × 0.63 = 0.517 kg m/s.

Momenta baada: 1.610 × 0.305 = 0.491 kg m/s.

Zinatofautiana kwa 0.026 kg m/s, yaani asilimia 5 hivi. Swali la kwanza ni kama rula peke yake inaweza kuzaa pengo hilo. Urefu wa kipande unaweza kukosewa kwa milimita 1, tukihesabu ncha zote mbili. Katika milimita 126 hiyo ni asilimia 0.8, na katika milimita 61 ni asilimia 1.6. Kwa momenta, ya kwanza haina uhakika wa 0.004 hivi na ya pili 0.008. Hata makosa yote mawili yakielekea upande mbaya kwa pamoja, pengo haliwezi kuzidi 0.012. Lililopatikana ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba tofauti imetokana na makosa ya kusoma rula amekisia tu, na tarakimu zake mwenyewe zinamkana.

Jibu la pili linalopendwa ni kwamba momenta imepotea kama joto na sauti wakati wa kugongana. Linasikika la kisayansi, na limekosea kabisa. Kinachogeuka kuwa joto na sauti ni nishati mwendo. Nishati mwendo haina mwelekeo, na inaweza kuingia ndani ya kizibo kilichotobolewa ikabaki humo. Momenta haina pa kujificha ndani ya troli. A inapoisukuma B mbele, B inaisukuma A nyuma kwa kani iliyo sawa na kwa muda ule ule, na kile kinachopotezwa na mmoja ndicho anachokipata mwenziwe, pini ikizama kwenye kizibo au ikidunda.

Ukubwa wa nishati inayopotea unaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyo mbalimbali. Katika mgongano wetu, nishati mwendo ya A muda mfupi kabla ya kugonga ni jouli 0.158 hivi, na ya troli mbili zilizoshikana muda mfupi baadaye ni jouli 0.080. Karibu nusu imekwenda. Kama upotevu wa nishati ungeibeba momenta pamoja nao, upungufu wa momenta ungeonekana mkubwa mno, si wa asilimia 5. Troli za tungamo linalokaribiana zinaposhikana, nusu ya nishati lazima ipotee, hata kwenye ubao usio na msuguano wowote, na jumla ya momenta isiguswe.

Basi imekwenda wapi? Ili momenta ya troli mbili ibadilike lazima pawe na kani kutoka nje ya troli hizo. Msuguano wa ekseli na magurudumu ni kani ya namna hiyo, kwa sababu mwisho wa hesabu unatoka kwenye ubao. Kukwaruza kwa tepu ndani ya tika-taima ni nyingine, na hewa inachangia kiasi kidogo sana kwa kasi hizi. Kani hizi hazifanyi kazi wakati wa kishindo peke yake. Zinafanya kazi safari nzima, na hapo ndipo ufumbuzi ulipo.

Vipande vilivyotangulia na vilivyofuata vinasimulia safari hiyo. Tuseme kabla ya mgongano vipande vitatu vinavyofuatana vilikuwa na sentimita 13.0, 12.8 na 12.6, na baada yake 6.1, 5.9 na 5.7. Kila kipande kimepungua milimita 2 kuliko kilichokitangulia, kumaanisha kwamba kasi inashuka mita 0.01 kwa sekunde katika kila sekunde 0.2. Huo ni mchapuko hasi wa 0.05 m/s². Ubao ulidhaniwa umesawazishwa, kumbe mteremko haukutosha.

Kasi inayopatikana kwa kugawanya kipande ni ya katikati ya muda wa kipande hicho. Katikati ya kile cha sentimita 12.6 ilikuwa sekunde 0.2 kabla ya mgongano: sekunde 0.1 za nusu ya kipande na sekunde 0.1 za zile nukta tano zilizoachwa. Kwa hiyo A ilipoifikia B ilikuwa imekwishapoteza mita 0.01 kwa sekunde, ikawa na 0.62. Vivyo hivyo, kipande cha sentimita 6.1 kinatoa kasi ya sekunde 0.2 baada ya mgongano, na mara tu baada ya kushikana troli zilikuwa na 0.315. Hesabu ikirudiwa kwa kasi za papo pale pa mgongano, momenta kabla inakuwa 0.820 × 0.62, yaani 0.508, na momenta baada ni 1.610 × 0.315, yaani 0.507. Pengo limeshuka kutoka 0.026 hadi karibu 0.001, na hilo rula haiwezi kulitambua.

Njia nyingine ya kufika hapo hapo ni kuhesabu kani. Wakati wa kuifuata B, A ilirudishwa nyuma na newtoni 0.041, na baada ya kushikana zote mbili zilirudishwa na newtoni 0.081 hivi. Kila moja ikizidishwa kwa sekunde 0.2 na kujumlishwa, inapatikana 0.024 kg m/s. Karibu upungufu wote umeshalipwa. Katika kishindo chenyewe B ilipewa momenta ya 0.249. Kama kushikana kulichukua sekunde 0.02, muda wa nukta moja hadi ya pili, basi kani ya wastani kati ya pini na kizibo ilikuwa newtoni 12 hivi, zaidi ya mara mia ya msuguano. Ndani ya muda huo mfupi msuguano hauna nafasi ya kufanya lolote la maana. Mgongano ulihifadhi momenta. Ubao ndio uliokula kidogo kabla yake na kidogo baada yake, na momenta hiyo ikaingia mezani, sakafuni na hatimaye katika Dunia, ambayo kwa ukubwa wake haionyeshi kuwa imepokea kitu.

Jambo hili linaweza kujaribiwa bila kifaa cha ziada. Badala ya kipande cha kwanza baada ya mgongano, chukua cha tatu, cha sentimita 5.7. Momenta baada inakuwa 0.459 na upungufu unapanda hadi asilimia 11. Mgongano ni ule ule, troli ni zile zile, ila hasara imekua maradufu kwa sababu tu imepimwa mbali zaidi. Upungufu unaokua kwa kadiri ya umbali ni wa njiani. Upungufu usiobadilika popote unapopimwa una chanzo kingine, na hapo mizani ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Plastisini ya gramu 20 iliyobandikwa kwenye B baada ya B kupimwa hufanya momenta baada ionekane ndogo kwa zaidi ya asilimia 1, nayo hutokea mara nyingi kuliko walimu wanavyopenda kukiri. Kama nukta zilizo karibu na mgongano zimeruka ovyo, huenda pini iligonga juu mno, magurudumu yakainuka, au troli ikapinda na kusugua ukingo wa ubao. Jaribio hilo halitengenezeki kwa hesabu. Hurudiwa.

Kuna makosa mengine ambayo hulaumiwa bure. Umeme wa Kenya na Tanzania hutolewa kwa hezi 50, lakini shule inayotumia jenereta inaweza kupata 48. Kasi zote zitakosewa kwa asilimia 4, na kila momenta itakayoandikwa itakuwa kubwa kuliko ilivyo kweli. Hata hivyo, kosa hilo linagusa kabla na baada kwa uwiano ule ule, na asilimia ya upungufu haibadiliki hata chembe. Mizani inayozidisha kila kitu kwa uwiano mmoja ni vivyo hivyo, na rula iliyochapwa vibaya pia. Sababu inayofaa kutajwa ni ile tu inayoweza kutofautisha kabla na baada.

Magurudumu nayo yana siri yake, ingawa ni ndogo. Troli B inapoanza kwenda, magurudumu yake lazima yaanze kuzunguka, na ubao ndio unaoyazungusha kwa kuyavuta nyuma. Yale ya A yanapunguza mzunguko, na ubao unayasukuma mbele. Troli za tungamo linalokaribiana zikishikana, mivuto hii miwili karibu inafutana. A ikipakiwa mizigo ikawa nzito mara mbili ya B, haifutani tena, na hasara ndogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1, hubaki hata baada ya msuguano kusahihishwa. B ikiwa ndiyo nzito, mabaki huelekea upande wa faida.

Masahihisho ya namna hii hayakuanza na walimu wa maabara. Mwaka 1668 na mwanzoni mwa 1669, John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens waliwasilisha kanuni za migongano kwa Royal Society ya London. Zaidi ya miaka ishirini kabla yao, mwaka 1644, René Descartes alikuwa ameandika kwamba kiasi cha mwendo ulimwenguni hakipungui, lakini alikihesabu bila mwelekeo, na kanuni zake nyingi za migongano zikawa na makosa kwa sababu hiyo. Isaac Newton, katika kitabu chake cha Principia cha mwaka 1687, alieleza alivyojaribu kanuni za migongano kwa tufe zilizoning'inizwa kwa nyuzi za futi 10.

Newton alijua kwamba hewa ingemdanganya. Kwa hiyo aliiachia tufe moja kwanza ibembee peke yake, ikaenda na kurudi, akapima imerudi pungufu kiasi gani ya pale ilipoachiwa. Tufe ikienda na kurudi hushuka mara mbili na kupanda mara mbili, hivyo robo ya upungufu huo aliihesabu kuwa kazi ya hewa katika mshuko mmoja. Baada ya hapo kasi ya tufe pale chini aliikadiria kana kwamba imeanguka katika ombwe kutoka mahali palipopungua kwa kiasi hicho. Aliziachia tufe zipite tao za futi 8, 12 au 16, akakuta kwamba mabadiliko ya mwendo ya pande mbili yalilingana bila kupishana kwa inchi 3. Kisha akabadilisha vitu. Tufe za sufu iliyokazwa ziliachana kwa kasi iliyokuwa 5 kwa 9 ya zile zilizokutana nazo, za kioo 15 kwa 16, na za chuma cha pua karibu sawa kabisa. Kudunda kulitofautiana sana, ila jumla ya momenta haikufuata tofauti hiyo.

Anayeandika ripoti ya jaribio la troli anafanya kazi ile ile kwa tepu. Ripoti nzuri huanza kwa jedwali lenye tungamo za A na B zikiwa na kila kilichobandikwa juu yake, urefu wa vipande vyote na si viwili tu, na mwelekeo uliochaguliwa kuwa chanya. Tarakimu ziwe tatu zenye maana, si zile nane zinazojitokeza kwenye kikokotoo. Halafu yanaandikwa matokeo ghafi, 0.517 na 0.491, bila kuguswa. Yanafuatwa na mchapuko hasi uliosomwa kwenye tepu, thamani zilizosahihishwa, 0.508 na 0.507, na ukadiriaji wa makosa ya kupima. Hitimisho linaweza kuwa fupi: "Upungufu wa asilimia 5 unazidi makosa ya kupima, lakini unalingana na msuguano uliopimwa kabla na baada ya mgongano; baada ya kuuondoa, momenta zinalingana ndani ya makosa ya kupima." Kuandika kwamba sheria imethibitishwa kikamilifu ni kudai zaidi ya kile ambacho rula ya milimita inaweza kutoa.

Pale ambapo jumla ya baada ni kubwa kuliko ya kabla, mwanafunzi asifute. Mara nyingi ubao umeinuliwa kupita kiasi, na vipande vya tepu vitaonekana vikirefuka badala ya kufupika. Hesabu ya kurudi hadi papo pale pa mgongano ni ile ile, kwa alama kinyume.

Maabara zenye uwezo hutumia njia ya hewa, mfereji wa chuma wenye matundu madogo yanayotoa hewa inayoinua vigari kidogo visiguse chini. Hakuna magurudumu, hakuna tepu, na kasi husomwa na malango ya mwanga yanayopima muda ambao kadi ya urefu unaojulikana hukata mwali. Upungufu hushuka sana, ila hauondoki wote, maana mfereji usiolala sawa unaleta mteremko wake mwenyewe na hewa kati ya kigari na chuma ina ukinzani wake. Malango nayo huwekwa karibu na mahali pa mgongano kadiri inavyowezekana, ilimradi kadi imalize kupita lango la kwanza kabla ya vigari kugusana, na isianze kukata mwali wa lango la pili kabla havijamaliza kushikana.